Modeli ya propaganda na vita ya Iraki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila vita ikianza huko nje, watu wanarushiana neno "propaganda" kama mpira, kila mtu anampa mwenzake. Wachache wanajua kwamba kuna modeli kabisa, imeandikwa, ina vipande vyake, na inaweza kupimwa ikapita au ikafeli. Haya maswali nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mpaka nimechoka, bora niyaandike. Mfano wangu mkubwa ni Iraki 2002 mpaka 2004, kwa sababu pale ushahidi wote ulishatoka hadharani na magazeti yenyewe yalikiri. Vita ya sasa ni ngumu kupima maana moshi haujatulia.

Modeli ya propaganda ni nini hasa?

Ni hoja iliyotolewa mwaka 1988 na Edward Herman, profesa wa mambo ya fedha pale Pennsylvania, pamoja na Noam Chomsky, mtaalamu wa lugha. Watu wengi wanaiita ya Chomsky tu kwa sababu jina lake ndo kubwa, ila kazi nzito ya kuijenga ilikuwa ya Herman. Wanasema hivi: Marekani hamna mtu wa serikali anayekaa chumba cha habari na kalamu nyekundu, lakini habari zinatoka zimeegemea upande wa wakubwa kana kwamba yupo. Kwanini? Kwa sababu habari inapita kwenye machujio matano kabla haijakufikia, na kila chujio linabakiza kitu.

La kwanza ni umiliki, nani mwenye chombo. La pili ni matangazo ya biashara, nani anayelipa bili. La tatu ni sosi, yaani nani anayempa ripota habari kila siku. La nne nitaliita kichapo, ule moto unaowashiwa ukitoa habari ambayo wakubwa hawaitaki. La tano, mwaka 1988, lilikuwa chuki dhidi ya ukomunisti, na baada ya Septemba 11, 2001 nafasi hiyo ikachukuliwa na vita dhidi ya ugaidi, kazi ni ile ile: kuwa na adui mmoja ambaye ukimtetea hata kidogo unaonekana msaliti.

Kwaiyo wanasema waandishi ni waongo?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Modeli haihitaji hata mwongo mmoja. Ripota anaweza kuwa mkweli, mchapakazi, anaamini kabisa anachoandika, na bado habari ikatoka imepinda, kwa sababu waliompigia simu wote wanatoka jengo moja. Ukitaka kuipima modeli kwa kutafuta waongo utarudi mikono mitupu. Tafuta nani amepewa nafasi ya kusema, ukurasa wa ngapi, na mashaka yamewekwa aya ya ngapi.

Kwanini Iraki?

Kwa sababu modeli inatabiri kitu kabla hujafungua gazeti, na pale Iraki utabiri unaweza kukaguliwa mstari kwa mstari. Utabiri ni huu: serikali ikitaka vita, na viongozi wa vyama vyote viwili wakikubaliana kwa sehemu kubwa, basi madai ya serikali yatakaa ukurasa wa kwanza, mashaka ya wataalamu yatakaa ndani, na wapinzani wa vita yenyewe hawataonekana kabisa au wataonekana kama vichaa wa barabarani. Haya, tuone.

Ile habari ya mirija ilikuwaje?

Hii niieleze polepole maana ndo kiini chenyewe.

Mwaka 2001 Iraki iliagiza mirija ya alumini, maelfu kwa maelfu, na shehena moja ikakamatwa Jordan. Swali likawa: ya nini? Kuna wachambuzi wa CIA walioamini ni ya mashine za kurutubisha urani, zile zinazozunguka kwa kasi kubwa mno kupata malighafi ya bomu la nyuklia. Lakini wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, yaani watu ambao kazi yao ya maisha ni hizo mashine, waliangalia vipimo wakasema hapana jamani, hii ni miili ya roketi. Kipenyo ni milimita 81, sawasawa na roketi ambayo Iraki ilikuwa inaitengeneza siku zote, na kuta zake ni nene mno kwa mashine ya kurutubisha. Wataalamu wa ujasusi wa Wizara ya Mambo ya Nje nao walikuwa upande huo huo. Kwaiyo ndani ya serikali ya Marekani kwenyewe kulikuwa na mabishano makali, na wanaojua zaidi ndo waliokuwa wanakataa.

Sasa Jumapili ya Septemba 8, 2002, New York Times ikatoka na habari ukurasa wa kwanza, ya Michael Gordon na Judith Miller, kwamba Saddam Hussein anaongeza kasi ya kutafuta vifaa vya bomu la atomiki, na ushahidi ni mirija. Sosi ni maofisa wa serikali wasiotajwa majina. Asubuhi hiyo hiyo makamu wa rais Dick Cheney akakaa kwenye kipindi cha NBC, akaizungumzia mirija akielekeza kwenye habari ya Times ya siku ile. Na mshauri wa usalama Condoleezza Rice akawa CNN akisema hawataki ushahidi wa mwisho uje kuwa wingu la uyoga, maneno ambayo yalikuwemo pia ndani ya ile habari, yametoka kwa maofisa.

Umeona mzunguko wake? Serikali inampa ripota, ripota anaandika, alafu serikali inakwenda tivii kusema "hata gazeti limeandika". Mtazamaji nyumbani anahesabu sosi mbili, kumbe ni moja imezunguka nyumba ikarudi kwa mlango wa mbele.

Na mashaka je? Yalikuwepo. Gazeti lenyewe baadaye lilikiri kwamba dalili kuwa mirija inaweza isiwe ya nyuklia zilifukiwa maneno 1,700 ndani ya habari ya maneno 3,600. Siku 5 baadaye waandishi wakajua kwamba kuna mabishano kati ya idara, wakayaandika, lakini ukurasa wa A13, ndani kabisa, chini ya kichwa cha habari ambacho hakikukudokeza kwamba gazeti linabadilisha msimamo. Januari 2003 wakaguzi wa shirika la nishati ya atomiki la kimataifa wakaipinga hoja ya mirija waziwazi, hiyo ikakaa A10.

Kwaiyo dai lilikaa A1, shaka A13, pingamizi A10. Modeli ilitabiri hivyo hivyo.

Si ni gazeti moja tu? Huwezi kuhukumu wote.

Swali zuri, ila majirani hawakuwa tofauti sana. Mwandishi wa Washington Post aliyekuwa anaandika habari za vyombo vya habari, Howard Kurtz, alilichunguza gazeti lake mwenyewe Agosti 2004. Akakuta kwamba tangu Agosti 2002 mpaka vita inaanza Machi 2003, gazeti liliweka ukurasa wa mbele zaidi ya habari 140 zilizobeba hasa maneno ya serikali dhidi ya Iraki. Habari ya Walter Pincus iliyouliza ushahidi uko wapi ilitoka Machi 16, siku chache kabla ya mabomu, ukurasa wa A17, na hata hapo ilibidi Bob Woodward, mwandishi mwenye jina kubwa pale pale Post, aisukume ndo itoke. Pincus hakuwa kijana wa mafunzo, alikuwa mzee wa kazi mwenye sosi za miaka mingi, na bado ilibidi asukumwe.

Kwenye tivii hali ilikuwa mbaya zaidi. Kikundi kinaitwa FAIR kilihesabu watu 1,617 waliohojiwa kwenye vipindi 6 vya habari vya Marekani kwa wiki 3 za kwanza za vita. Asilimia 64 waliunga mkono vita, asilimia 10 walipinga. Ukichukua Wamarekani peke yao, waliopinga walikuwa asilimia 3, wakati kura za maoni zilionyesha karibu robo ya wananchi wanapinga. FAIR ni watu wa mrengo wa kushoto, niseme wazi ili usije ukanishika shati, lakini kuhesabu ni kuhesabu, unaweza kurudia mwenyewe.

Chujio gani lilifanya kazi kubwa zaidi?

Hapa ndo nina maoni yangu na najua wapo watakaokasirika. Watu wa modeli wanapenda kuanza na pesa, nani anamiliki, nani anatangaza. Mi nikiangalia Iraki naona chujio la tatu, la sosi, ndo lilibeba mzigo mkubwa. Na ushahidi wangu ni Knight Ridder.

Knight Ridder ilikuwa kampuni kubwa ya magazeti, ipo soko la hisa, inaishi kwa matangazo kama wenzake wote. Kwa chujio la kwanza na la pili hamna tofauti kubwa na Times. Lakini ofisi yao ya Washington, chini ya John Walcott, na maripota Jonathan Landay na Warren Strobel, iliandika kinyume. Septemba 6, 2002, siku 2 kabla ya ile ya mirija, walishaandika kwamba ndani ya serikali kuna maofisa wana wasiwasi kuwa ushahidi wa silaha hautoshi. Oktoba wakaandika jinsi wachambuzi walivyogawanyika kuhusu nyuklia.

Walipataje? Hawakuwa wakipigiwa simu na mawaziri. Magazeti yao yalikuwa ya miji ya mikoani, hawakuwa na gazeti New York wala Washington, kwaiyo mkubwa wa Ikulu akitaka kuvujisha kitu hawaiti wao. Ikabidi wazungumze na watu wa chini, wachambuzi, wanajeshi wa vyeo vya kati, watu wanaosoma karatasi zenyewe. Na huko chini ndiko mashaka yalikokuwa. Mmiliki wa aina ile ile, matangazo yale yale, sosi tofauti, habari tofauti. Hiyo kwangu ni kama jaribio la maabara, bahati tu kwamba limetokea lenyewe.

Ila pia ona upande wa pili: habari zao hazikwenda popote. Baadhi ya magazeti ya kampuni yao wenyewe hayakuzichapa. Kwaiyo mtetezi wa modeli atakuambia "si unaona, mfumo ulizizima", na hawezi kuitwa mpuuzi kwa kusema hivyo.

Kwaiyo umiliki hauna maana?

Sijasema hivyo. Rupert Murdoch alikuwa na magazeti zaidi ya 170 duniani, Uingereza, Australia, Marekani, na mwandishi Roy Greenslade wa Guardian alionyesha Februari 2003 jinsi wahariri wake walivyoimba wimbo mmoja wa kuunga mkono vita, kama kwaya ya parokia. Hapo huhitaji nadharia, mwenye mali kashasema anachotaka.

Na kuna Phil Donahue. Alikuwa na kipindi MSNBC, anaita wageni wanaopinga vita, na kilikuwa na watazamaji wengi kuliko vipindi vingine vya kituo hicho. Kikafutwa Februari 25, 2003, wiki 3 hivi kabla ya vita. Karatasi ya ndani iliyovuja ilisema atakuwa sura ngumu kwa NBC wakati wa vita. NBC wakati huo mali ya General Electric, kampuni inayouza pia injini za ndege za kivita. Sasa usikimbilie kusema "General Electric walipiga simu", hamna anayeonyesha simu hiyo, na modeli yenyewe haiihitaji. Aliyeandika ile karatasi alijua mwenyewe kipi kitamletea shida.

Kichapo kinafanyaje kazi?

Mfano safi uko Uingereza, sio Marekani. Mei 29, 2003 Andrew Gilligan wa BBC alisema redioni kwamba waraka wa serikali kuhusu silaha za Iraki ulikuwa umetiwa chumvi, hasa lile dai la kwamba silaha zinaweza kuwa tayari ndani ya dakika 45. Sentensi moja aliyoisema asubuhi sana bila kuandikiwa ilizidi kile alichokuwa nacho, alisema serikali huenda ilijua kwamba dai si kweli. Serikali ikaishika sentensi hiyo na kuacha habari nzima. David Kelly, mtaalamu wa silaha aliyekuwa sosi wake, akafariki Julai. Ripoti ya jaji Hutton ya Januari 2004 ikaiangukia BBC, mwenyekiti Gavyn Davies akajiuzulu, mkurugenzi mkuu Greg Dyke akafuata, Gilligan naye.

Upande mwingine, waliobeba madai ya silaha ambazo hazikuwepo, ni wangapi walipoteza kazi wiki ile? Kukosea kuelekea upande wa serikali ni ajali ya kazini tu, ukikosea upande wa pili unafungasha. Edita yeyote anayeangalia hayo hahitaji kuambiwa kitu.

Nasikia "wahanga wanaostahili na wasiostahili". Ndo nini?

Hili ndo jaribio maarufu la modeli. Unachukua misiba miwili inayofanana, mmoja umefanywa na adui, mwingine na rafiki, alafu unapima nafasi iliyotolewa. Mfano mmoja maarufu wa Herman na Chomsky ni Kambodia chini ya Khmer Rouge, utawala wa kikomunisti, na Timor Mashariki iliyovamiwa na Indonesia Desemba 7, 1975, siku moja baada ya rais Ford wa Marekani na waziri wake wa mambo ya nje Kissinger kuwa Jakarta. Walipima kwa rula kabisa orodha ya habari ya New York Times ya 1975 mpaka 1979: Kambodia inchi 1,175, Timor inchi 70. Watu wakasema labda Timor ilikuwa haifikiki. Kweli, maripota walikuwa wanauawa kule, lakini Kambodia nayo ilikuwa imefungwa, habari zake zilitoka kwa wakimbizi Thailand, na wakimbizi wa Timor walikuwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno huko Ulaya, tiketi ya ndege tu.

Kwa Iraki kuna jozi nyingine ambayo mi naipenda zaidi kwa sababu wahanga ni wale wale. Halabja, Machi 16, 1988, jeshi la Saddam lilirusha gesi kwa Wakurdi, wakafa maelfu, mara nyingi inatajwa 5,000. Wakati huo Marekani ilikuwa inamwegemea Saddam dhidi ya Iran, na maofisa wake walijaribu kusema Iran nayo inahusika. Seneti ikapitisha muswada wa vikwazo, serikali ya Reagan ikaupinga, ukafia njiani. Miaka 14 baadaye Halabja ikawa sababu ya vita, inatajwa kwenye hotuba baada ya hotuba, na Septemba 2003 waziri Colin Powell akaenda mwenyewe kwenye makaburi. Walioko kaburini hawakubadilika kitu. Aliyebadilika ni Saddam, kutoka rafiki kuwa adui.

Ila tuwe wakweli: 1988 Halabja iliandikwa, picha zilitoka, na William Safire wa Times, mtu wa kulia kabisa, alipiga kelele. Kwaiyo haikufichwa, ila haikugeuzwa kuwa kampeni. Ukisema ilifichwa unaipa modeli sifa isiyostahili.

Wapinzani wa modeli wanasema nini?

Wapo wa maana. Daniel Hallin aliangalia Vietnam akaonyesha kwamba vyombo vya habari vinabadilika wakubwa wakigawanyika. Panapokuwa na mwafaka juu wote wanaimba, panapokuwa na ugomvi wanaufuata ugomvi. Lance Bennett mwaka 1990 akaiweka vizuri zaidi: maripota wanapima upana wa mjadala kwa upana wa ugomvi wa wanasiasa wakubwa. Ni maelezo mepesi kuliko machujio matano, na yanaeleza mengi.

Lakini yapeleke Iraki uone. Oktoba 2002 bunge la wawakilishi lilipiga kura 296 kwa 133 kuruhusu vita, na wabunge wa chama cha Demokrati wengi walikataa, 126 kwa 81. Huo ni ugomvi mkubwa, chama kimepasuka katikati. Kwa Bennett ungetegemea usomeke kila siku. Haukusomeka hivyo, kwa sababu kiongozi wao Gephardt alisimama na Bush na maripota walimwangalia kiongozi. Kwaiyo hata Bennett inabidi urekebishe useme "ugomvi wa wakubwa wa wakubwa", na hapo tunarudi kwenye sosi tena.

Tatizo kubwa la modeli kwangu ni jingine. Machi 2003 tahariri za New York Times zilipinga kwenda vitani bila Umoja wa Mataifa. Mtetezi anasema hiyo ni mbinu tu, walipinga namna, hawakupinga haki ya Marekani kupiga. Inaweza kuwa kweli, ila ukizoea jibu hilo, gazeti likiunga mkono ni modeli, likipinga ni modeli, basi hakuna kitu kitakachoweza kuiangusha na imeacha kuwa kipimo. Ndo maana nasisitiza andika kwanza nini kikitokea utakubali umeshindwa.

Sisi huku inatuhusu nini?

Modeli iliandikwa kwa ajili ya Marekani, usiibebe nzima nzima. Lakini chujio la sosi linasafiri kwa waya. Mwaka 2003 mi nilikuwa naandaa habari za kimataifa kwenye redio moja hapa Dar, sitaitaja, na kazi yangu ilikuwa kuchukua za mashirika, Reuters, AFP, kuzigeuza Kiswahili kabla ya taarifa ya saa mbili usiku. Hatukuwa na mtu Baghdad. Aya ya kwanza karibu kila siku ilianza na msemaji wa jeshi la Marekani kule Qatar. Naitafsiri vizuri, Kiswahili sanifu, naona nimefanya kazi.

Kuna usiku nimesoma "majeshi ya muungano yamesonga mbele kuelekea Baghdad", mzee mmoja akapiga simu studio kutoka Temeke, anauliza kwa heshima kabisa, "mwanangu, JWTZ imekwenda lini Iraki?" Tulicheka sana. Alikuwa na haki, huku muungano ni Tanganyika na Zanzibar. Lakini baadaye nikakaa nikajiuliza, na mimi je nilikuwa namaanisha muungano wa nani? Wanajeshi waliovamia walikuwa Wamarekani na Waingereza, na wachache wa Australia na Poland. Neno lilitoka Washington, mi nikalivalisha kanzu tu.

Na Aprili 9 nilitafsiri sanamu ya Saddam kuangushwa uwanja wa Firdos, "umati wa Wairaki washangilia". Wairaki walianza kwa nyundo na kamba kweli, ila ilishindikana, mpaka gari la wanajeshi wa Marekani likaivuta. Umati ukiangaliwa kwa mbali ulikuwa mdogo na uwanja mtupu, na wapiga picha walikuwa hapo hapo kwa sababu hoteli ya Palestine waliyokaa inatazamana na uwanja. Watafiti walikuja kuhesabu kwamba siku hiyo, mchana mpaka jioni, Fox ilirudia picha ile kila dakika 4.4 na CNN kila dakika 7.5. Siku moja kabla, kifaru cha Marekani kilipiga hoteli hiyo hiyo wakafa wapiga picha wawili, na ofisi ya Al Jazeera ikapigwa na bomu. Hizo nilizisoma pia hewani, mara moja, katikati ya taarifa.

Vita ya Kongo haisemwi, hiyo si ndo modeli?

Inaweza kuwa, lakini kimya peke yake hakithibitishi. Kuweka ripota Goma ni gharama, watazamaji wa Marekani hawaijui, pande za vita ni nyingi, edita anaona uvivu kueleza. Ili useme ni modeli lazima uonyeshe kwamba lawama zinapungua pale mhusika anapokuwa rafiki wa Magharibi, mfano namna ushiriki wa Rwanda ulivyoandikwa miaka tofauti. Hilo linapimika. "Hawatujali" ni uchungu, naujua, ila sio kipimo.

Na Urusi je?

Kule modeli haina kazi. Machi 2022 walitunga sheria, ukitoa habari za jeshi wanazoziita za uongo unaweza kufungwa mpaka miaka 15. Modeli inaeleza pasipo na hiyo sheria. Swali la kupima ni vyombo vya Magharibi, vinavyoandika Ukraine kwa namna fulani, vinaandikaje vita ambayo mabomu ni ya rafiki yao.

Nataka kupima vita inayoendelea sasa, naanzaje?

Chagua chombo kimoja na siku 14, usichague siku ambazo tayari zilikuudhi. Andika utabiri wako kwenye karatasi kabla, pamoja na matokeo yatakayokufanya useme modeli imefeli. Tafuta jozi, tukio la adui na la rafiki, lenye vifo vinavyokaribiana na ugumu wa kufika unaokaribiana, maana bila hivyo unalinganisha embe na nazi.

Alafu soma na penseli. Kila habari andika nani amesema kwenye aya 5 za kwanza, ana cheo gani, ametajwa jina au "ofisa mmoja". Andika shaka ya kwanza imetokea aya ya ngapi. Angalia vitenzi: upande mmoja "wameua", upande mwingine watu "wamefariki" kana kwamba ni malaria. Ukikuta habari mbili zinathibitishana, fuatilia kama sosi ni mbili kweli au ni yule yule wa mirija. Na ukimaliza mpe mtu asiyekubaliana na wewe ahesabu upya habari 10 kati ya zako, kama namba zake hazifanani na zako, rudi mwanzo.